Mtoto akiigiza kukataa pombe klabuni, ndo anafundishwa kunywa? Ngoja tulielewe hili jambo

Wazazi wa Moshi kwa kweli magrupu ya wasapu yanatumaliza. Klabu ya stadi za maisha ikianza tu mahali, iwe shuleni au kwenye ukumbi wa kanisa au msikiti, baada ya muda lazima itatupwa klipu, watoto wa miaka kumi na mbili kumi na tatu wamesimama duara, mmoja kashika chupa anambembeleza mwenzake "piga kidogo bwana", wengine wanacheka. Hapo grupu linawaka. Huyu anauliza ndo tunachowalipia nauli? Yule anasema mtoto wake alikuwa hajui hata pombe inanukaje na sasa ameonyeshwa. Wa tatu anasema enzi zetu tulikuwa tunachapwa tu na tumekua vizuri. Mwalimu mlezi anaandika "ni mafunzo wazazi wangu" halafu anakaa kimya, na ule ukimya ndo unazidi kuchochea.

Mimi ni mmoja wa wanaosimamia hizo klabu kwa kujitolea, kwa hiyo naandika ninachokijua, na nitakaa kwenye igizo moja tu nilifungue lote, maana ukilielewa hilo mengine yote yanajieleza.

Kwanza tuwekane sawa. Stadi za maisha ni uwezo wa kawaida tu wa kuishi na watu na kuishi na nafsi yako, kama kufanya maamuzi, kuongea unachotaka bila kugombana, kuhimili stresi. Shirika la Afya Duniani kwenye miaka ya 1990 lilizitaja kumi za msingi na mitaala mingi ya Afrika imejengwa juu ya hizo. Shinikizo rika ni pale watu wa umri wako wanapokufanya ufanye kitu, au uache kitu, kwa sababu unataka kubaki mmoja wao. Na igizo dhima ni igizo fupi lisilo na maneno ya kukariri, mtoto anapewa nafasi ya kuwa mtu fulani kwenye hali fulani, anaongea kwa maneno yake, halafu wote mnakaa kuangalia ilikuwaje. Sio tamthilia ya mahafali. Hakuna anayetakiwa kupigiwa makofi kwa kuigiza ulevi vizuri, na ukiona klabu mtoto anayepepesuka kama mlevi ndo nyota wa siku, hapo lalamika, una haki.

Sasa kwa nini tusimwambie tu mtoto "sema hapana"? Hilo limeshajaribiwa na kwa pesa nyingi sana. Marekani mwaka 1983 kule Los Angeles ulianza mpango wa polisi kuingia madarasani kufundisha watoto wakatae dawa za kulevya, ukaenea nchi nzima, na watafiti walipokuja kuwafuatilia wale watoto walikuta kwenye kutumia au kutotumia tofauti na wenzao ni ndogo mno, kwingine haipo kabisa. Watoto neno walikuwa wanalijua. Shida ni kwamba neno "hapana" lenyewe ni sekunde moja, na mwenzako hana kazi nyingine zaidi ya kukuuliza "kwa nini", na hapo ndo mtoto anaanguka.

Ngoja nikuonyeshe igizo lenyewe. Sisi huwa hatutumii majina ya watoto wala majina yoyote yaliyopo klabuni, kwa sababu ukimwita mnywaji Juma basi Juma wa kidato cha kwanza B anaitwa mlevi mpaka anamaliza shule. Tunatumia majina ya vilele vya mlima wetu. Kibo ndo anayeshawishiwa, Mawenzi ndo anayeshawishi, Shira ni rafiki yupo pale kakaa kimya. Kila mmoja anabandikwa karatasi kifuani yenye jina lake. Hali yenyewe ni hii: Jumamosi saa kumi na moja jioni, mechi imeisha uwanjani Pasua, Mawenzi ana chupa ya plastiki ya soda ambayo ndani yake amechanganya pombe kali aliyoitoa kabatini kwa mjomba. Chupa tunayotumia klabuni ni tupu, haina hata maji, hilo ni sharti.

Mawenzi anapewa kadi yenye mistari mitatu na haruhusiwi kuongeza. Wa kwanza, "Piga kidogo, ni kama soda tu." Wa pili, "Unaogopa mama?" Wa tatu, "Wote tumepiga, usituharibie." Mistari yenyewe inapanda, angalia vizuri: kwanza anapunguza uzito wa jambo, halafu anagusa heshima yako, halafu anakutishia kukutoa kundini. Karibu ushawishi wote wa umri huu unapita hapo. Na kwa nini asiachiwe huru? Kwa sababu mtoto akiachiwa huru kushambulia anachukua vitu vya kweli. Atamtaja baba wa mwenzake aliyekimbia nyumbani, atataja viatu vilivyochanika, na hapo sio mafunzo tena, ni uonevu wenye ruhusa ya mwalimu. Nimeona hili likitokea kwenye klabu moja na yule mtoto hakurudi tena.

Mzunguko wa kwanza unaendaga hivi, karibu kila mara:

"Oya Kibo, piga kidogo, ni kama soda tu."

"Hapana."

"Unaogopa mama?"

"Siogopi, ila... tumbo linaniuma."

Basi, darasa zima linacheka kwa sababu kila mtu anajua jibu linalofuata, hata kama kwenye kadi halipo: hii ndo dawa ya tumbo. Mtoto amejikaanga mwenyewe. Ukienda na mama yako sokoni Mbuyuni utaona kitu hicho hicho, ukimwambia muuza mitumba "sichukui kwa sababu rangi haijanipendeza" anakutolea rangi nyingine, ukisema kubwa anakutolea ndogo, ukisema pesa anashusha, lakini ukisema "asante kaka, leo sichukui" huku unaendelea kutembea hana pa kukushika. Sababu ndo inampa mtu pa kukushika. Ndo maana mzunguko wa pili tunamwambia Kibo asitoe sababu yoyote, arudie sentensi moja tu fupi, "mimi sinywi", kwa sauti ile ile, mara zote tatu.

Inaonekana rahisi mpaka uwaone wanavyohangaika. Mara ya pili sauti inapanda juu kama anauliza swali, mara ya tatu anaanza kucheka. Ile kucheka sio utovu wa nidhamu, mtoto ana aibu na kicheko ndo sehemu ya kuificha, mwalimu asimfokee. Unapiga makofi mara moja kusimamisha igizo, unamwambia tunarudi pale pale kwenye "unaogopa mama", sio mwanzo, unarudia zile sekunde kumi tu. Kosa la klabu nyingi ni kurudia igizo lote kutoka mwanzo, muda unaisha, na ile sehemu ngumu inafanywa mara moja wakati ile rahisi imefanywa mara nne. Kipindi chenyewe ni dakika arobaini, igizo moja lisizidi dakika mbili.

Halafu angalia mikono. Hiki ni kitu kidogo ambacho mimi nakitazama kuliko maneno. Mawenzi anapoinyoosha ile chupa, mtoto mwenye adabu anaipokea. Tumewafundisha hivyo sisi wenyewe, mtu akikupa kitu pokea, tena kwa mikono miwili. Sasa chupa ikishakuwa mkononi mwako kukataa kunageuka kazi nyingine kabisa, maana wewe ndo unatakiwa kuirudisha, wote wanakuangalia, na kuirudisha kunaonekana kama umemtukana aliyekupa. Watoto wengi wanasema "sinywi" huku chupa wameishika, na ukiwauliza baadaye hawakumbuki waliipokea saa ngapi. Kwa hiyo tunafanya zoezi la pembeni lisilo na maneno kabisa, chupa inakuja, mikono yako inabaki kwenye begi au mfukoni au inashika mpira, unatikisa kichwa. Mara tano tano kila mmoja. Wanaona ni mchezo wa kijinga mpaka mzunguko wa tatu wa igizo ndo wanaona tofauti.

Mzunguko wa tatu ndo tunampa kazi Shira. Mpaka hapo amekaa tu. Anaambiwa baada ya mstari wa pili wa Mawenzi aseme kitu kimoja, chochote, kinachomuunga mkono Kibo, hata kama ni "mwache bwana" au "hata mimi leo sipigi, twende." Na hapa kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Mwaka 1951 mwanasaikolojia Solomon Asch aliwakalisha watu wazima, wanafunzi wa chuo, awaulize mstari upi una urefu sawa na mwingine, swali la wazi kabisa, ila wengine wote chumbani walikuwa wamepangwa wajibu uongo. Karibu robo tatu ya waliojaribiwa walifuata kundi angalau mara moja, wakati macho yao yanaona kabisa kwamba sio kweli. Lakini alipomweka mtu mmoja tu ndani ya kundi anayesema ukweli, kufuata mkumbo kulishuka sana. Mmoja tu! Kwa hiyo ukiniuliza kwenye lile igizo nani ana kazi kubwa zaidi, mimi nasema Shira. Mzazi anauliza "mwanangu ataweza kukataa?" wakati mara nyingi kwenye maisha ya kweli mwanao atakuwa Shira, yule aliyekaa kimya akamwacha mwenzake apambane peke yake.

Sasa turudi kwenye yale ya grupuni. Kwamba mtoto alikuwa hajui na sasa ameonyeshwa. Kwa watoto wa kumi na mbili wa mkoa huu? Mbege ipo kwenye harusi, kwenye msiba, kwenye ubatizo, bibi anaitengeneza nyuma ya nyumba, mtoto anatumwa kubeba ndoo. Hatumtambulishi pombe, tunampa nafasi ya kujikwaa mahali ambapo hakuna atakayeumia. Ila wasiwasi wa mzazi una ukweli ndani yake na siupuuzi. Igizo linaweza kweli kumfundisha mtoto kushawishi, kama kila wiki yeye ndo Mawenzi. Kuna watoto wana kipaji cha kuchekesha na walimu wanawapa nafasi hiyo kila siku kwa sababu igizo linanoga. Sheria yetu ni kwamba aliyekuwa Mawenzi lazima amalize akiwa Kibo siku hiyo hiyo, na mtoto ambaye tayari mtaani wanamsema ana tabia hizo hapewi kabisa kadi ya Mawenzi, maana hapo unampigia muhuri. Na mwisho kila mtu anabandua karatasi yake, anasema jina lake la kweli na kitu kimoja alichokula asubuhi. Wazazi wanaona kama utoto, lakini ukiruka hiyo hatua wanatoka nje wanaitana Mawenzi mpaka stendi.

Lingine, "kwa nini waangaliwe na wenzao, mwalimu si angemfundisha mtoto mmoja mmoja, aibu ya nini?" Kwa sababu tatizo lenyewe linaishi kwenye macho ya wenzake. Kuna utafiti wa mwaka 2005 wa Margo Gardner na Laurence Steinberg, waliwachezesha watu gemu ya kuendesha gari kwenye kompyuta, wengine peke yao na wengine rafiki zao wakiwaangalia. Wale wa miaka 13 mpaka 16 walijiingiza kwenye hatari zaidi kwa kiasi kikubwa marafiki walipokuwepo, watu wazima wa miaka ishirini na nne kwenda juu hawakubadilika kivile. Maana yake mtoto anayekujibu vizuri sebuleni, wewe na yeye tu, "mama mimi siwezi kunywa", hajakudanganya. Anaamini kabisa. Ila yule wa sebuleni na yule wa uwanjani Pasua wanaamua kwenye mazingira tofauti, kwa hiyo mazoezi lazima yafanyike mbele ya macho yale yale.

Kuna klabu inafanya yote haya na bado haifiki popote, na dalili yake unaisikia kwenye lugha. Kibo akijibu "Hapana rafiki yangu, pombe huathiri afya na masomo ya kijana", ujue huyo anamjibu mwalimu. Hakuna mtoto wa Majengo wala wa Njoro anayeongea hivyo na mwenzake, akijaribu atachekwa mpaka Jumatatu. Dalili nyingine ni Mawenzi kukubali haraka, "basi sawa umenishawishi, hata mimi naacha", darasa linapiga makofi. Mimi nikisikia hivyo nasimamisha. Kwenye maisha Mawenzi hageuki, anakuzomea unaondoka na unabaki na kinyongo, na igizo liishie hapo hapo, Kibo anaondoka na mpira wake na Mawenzi bado anacheka. Mtoto ajue kwamba kukataa kulikofanikiwa mara nyingi hakuishi vizuri, kunaisha tu.

Kuna hatua moja kabla ya igizo ambayo bila hiyo naona tunapoteza muda. Tunawapa vikaratasi, kalamu zinazofanana, hakuna jina, swali moja: mwenzako akikataa kunywa utamdharau? Ndiyo au hapana. Tunakusanya kwenye kofia tunahesabu mbele yao. Mara nyingi "hapana" zinakuwa nyingi kupita walivyodhani, na unaona wanavyoangaliana, maana kila mmoja alidhani yeye peke yake ndo hana shida na anayekataa. Shinikizo kubwa ni lile ambalo hakuna aliyelisema, mtoto anadhani kila mtu anakunywa na kila mtu anamtazama. Kuna watafiti waliokuta kwamba kumfundisha mtoto kukataa wakati bado anaamini wote wanafanya hakusaidii sana. Swali tunalokwepa ni "wewe umeshakunywa?" kwa sababu kwenye kundi la watoto kumi na wawili hata bila jina watajuana kwa mwandiko. Na matokeo yakija vibaya, "ndiyo" zikawa nyingi, usiyafiche, siku hiyo hakuna igizo, mnakaa mnaongea tu kwa nini.

Sasa mpaka wa hii kitu, na hapa naomba msisome haraka haraka. Haya yote ni kwa rika, watoto kwa watoto wenye nguvu zinazokaribiana. Dereva wa boda anayempa binti wa kidato cha kwanza lifti ya bure na chipsi kila jioni sio shinikizo rika. Kaka wa mtaani wa miaka ishirini na mbili anayeomba picha kwenye simu sio rika. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 aliye chini ya miaka kumi na nane ni mtoto, na pale mzigo haupo kwa mtoto kujua sentensi sahihi ya kukataa. Mimi siwaigizishi hayo kama mchezo wa kukataa hata siku moja, kwa sababu mtoto ambaye alishindwa kukataa, au alikataa na hakusikilizwa, atakuwa amekaa pale kwenye duara anajifunza kwamba kosa lilikuwa lake. Hapo tunafundisha kuondoka na kumwambia mtu mzima, na kama wa kwanza hakusikia umwambie wa pili, na namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto ambayo ni bure kupiga. Mlezi akiona mtoto amenyamaza ghafla katikati ya igizo lolote, anaangalia chini, hajibu, asimsukume "jitahidi, unaweza", anabadilisha shughuli kwa wote na kumtafuta pembeni baadaye.

Wanaouliza nyumbani wafanye nini, kuna kimoja watoto wetu wenyewe wanakiomba kwenye majadiliano. Wanataka ruhusa ya kukusingizia. Nilisema sababu inampa mwenzako pa kushika, lakini kuna sababu moja ambayo Mawenzi hana jibu lake, nayo ni mzazi mkali: "Mama ananinusa mdomo nikiingia tu mlangoni." Inakata mjadala kabisa, maana hakuna anayeweza kumbembeleza mama yako ambaye hayupo. Sasa mpe mwanao hiyo ruhusa wazi, mwambie nisingizie mimi, sema mama yangu ni mnoko, sema baba ana kichaa, sitakasirika. Sharti lenyewe linakuhusu wewe: akija usiku akakuambia "leo nimekusingizia", usimgeuzie kibao uanze kuuliza nani alikuwa na chupa, mtoto wa nani, niambie nimpigie mama yake sasa hivi, kwa sababu ukifanya hivyo mara moja tu hatakuambia tena, na hiyo sentensi hataitumia.